Mkakati wangu wa hisa za Nairobi unaleta 19% kwa mwaka kwenye bei za zamani, lakini nasita kuuamini

Mtoto wa Kisauni

Wakuu, salaam. Nimekusanya bei za hisa za Soko la Nairobi tangu 2010. Mkakati wenyewe ni mwepesi: kila Januari natafuta hisa tano zilizoporomoka zaidi mwaka uliopita, naweka shilingi 10,000 kwa kila moja, Desemba nauza zote. Wastani ni 19% kwa mwaka.

Orodha ya kampuni nilitoa kwenye bei za mwezi uliopita, kisha nikarudi nyuma kutafuta historia ya kila moja. Jana nikakumbuka kampuni ambayo marehemu baba alikuwa na hisa zake, ikafa. Nimeitafuta kwenye faili langu, haimo. Nina laki mbili za akiba na nataka kuanza Januari. Kukosekana kwa kampuni chache kunaharibu hesabu kiasi gani?

Mama Neema

Pole kwa baba, mwanangu. Hata mimi nina cheti cha hisa za kampuni iliyotoka sokoni, na gawio halijaja miaka mingi. Nimwone nani?

Kamusoko

Mama Neema, anza na msajili wa hisa aliyeandikwa kwenye cheti.

Mleta uzi, dawa ni rahisi. Kila kampuni iliyotoka, iandikie hasara ya 100%, urudie hesabu. Ukibaki na faida, ingia.

Bi Hesabu

Kamusoko, hapo umepatia nusu. Si kila anayetoka sokoni ametoka kwa jeneza. KenolKobil iliondoka 2019 baada ya kununuliwa na Rubis ya Ufaransa kwa shilingi 23 kwa hisa, na wenye hisa walilipwa taslimu. Ukiiandikia sifuri umedanganya upande wa pili. Kila iliyotoka itafutiwe mwisho wake halisi.

Kijana, mkakati wako ndio unaoumia zaidi na kosa hili, kwa sababu unanunua wagonjwa. Aliyenunua hisa za gawio nono angekosea kidogo tu. Wewe unachagua zilizoporomoka, halafu orodha yako imekwisha kuwaondoa wote waliokufa. Waliobaki ni waliopona, kwa hiyo kila ukinunua mgonjwa, anapona.

Chukua mwaka mmoja wa mfano. Januari, tano za chini kabisa ni A, B, C, D na E. Tatu za kwanza zinapanda 30%, D na E zinafilisika. Shilingi 50,000 zako zinakuwa 39,000, hasara ya 22%. Sasa angalia faili lako: D na E hazimo, basi nafasi zao zinachukuliwa na F na G, zilizopanda 10% kila moja. Unasoma 61,000, faida ya 22%. Hukukosa tu hasara mbili, umepewa na hisa mbili ambazo siku ile usingezinunua.

Na hao wafu si wa kubuni. Aliyekaa na bei mbele yake Januari 2018 aliiona ARM Cement. Agosti mwaka huohuo ikawekwa chini ya wasimamizi na hisa zake zikasimamishwa. Mumias ikafuata 2019.

Tafuta bei za magazeti ya kila mwisho wa Desemba, uandike kampuni zote zilizokuwapo siku ile, na tarehe ya kuingia na kutoka. Kisha chuja kabla ya kupanga:

```python
hai = orodha[(orodha.ingia <= siku) &
             (orodha.toka.isna() | (orodha.toka > siku))]
```

Na kama una `bei.ffill()` mahali popote, iondoe. Inabeba bei ya mwisho ya hisa iliyosimamishwa kana kwamba bado inauzika.

Mtoto wa Kisauni

Ahsante sana, Bi Hesabu. `ffill` ninayo kweli, mstari wa tatu. Usiku huu nimejaza mwaka 2018 peke yake kutoka magazeti ya maktaba. Kati ya zile tano, mbili zimebadilika, na faida ya mwaka huo imegeuka hasara. Miaka mingine bado.

Ila nimekwama. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020, ikarudi kuuzwa Januari 2025. Desemba 2020 niiandikie bei gani?

Kamusoko

Sifuri. Kanuni yako inasema unauza Desemba, na Desemba ile hakuna mnunuzi.

Bi Hesabu

Mimi ningeiacha kama pesa iliyofungwa: usiihesabu faida wala hasara, lakini mwaka unaofuata usiwe nayo ya kununulia hisa nyingine. Ikifunguliwa, uuze kwa bei ya siku ile.

Kamusoko

Sawa, lakini Januari 2021 ulikuwa hujui kama itafunguliwa. Unatumia jibu la 2025.

Bi Hesabu

Hoja nzito hiyo. Kijana, endesha zote mbili, uandike matokeo hapa.

Mtoto wa Kisauni

Nitaandika. Laki mbili zinabaki benki kwanza. Leo naingia 2011.