Kupima usikivu: aplikesheni ya simu au chumba maalumu? Naomba ushauri kabla hatujanunua shimesikio

Nkuhungu_Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anasoma chuo hapa Dodoma. Mtu akikaa kushoto kwake ukumbini hamsikii vizuri, na barabarani bodaboda ikipiga honi hajui inatokea upande gani. Tumempima kwa aplikesheni mbili, akiwa amevaa hedifoni kubwa za kufunika masikio. Ya kwanza inapiga milio ya juu na ya chini, unabonyeza ukisikia. Ikasema sikio la kulia ni 10 dB, yaani zima, na la kushoto ni 55 dB, "upungufu wa wastani". Ya pili inasoma tarakimu tatu ndani ya kelele, unaziandika. Hiyo amepata alama nzuri sana, kama mtu asiye na shida yoyote.

Muuzaji mmoja wa mtandaoni anasema nimtumie picha ya yale majibu ya kwanza, aseti shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti, kwa ajili ya sikio la kushoto na kukituma kwa basi. Njia nyingine ni kumpeleka akapimwe ndani ya chumba kisichopitisha sauti, ambako kuna foleni na gharama. Nataka kujua, je, hivi vipimo vinatofautiana kweli, au ni milio ileile?

Fundi_Majengo
Mkuu, mimi natengeneza simu na spika. Kazi ya kile chumba ni kuzuia kelele tu. Subiri saa saba usiku mtaa ukitulia, zima feni, funga dirisha, mpime tena. Hakikisha ameunganisha hedifoni za waya, kwa sababu baadhi ya zisizo na waya hukata sauti ndogo sana ili kuokoa chaji, kwa hiyo mlio hafifu haumfikii kabisa. Zima pia ile mipangilio ya kukuza besi kwenye simu. Ukifanya hivyo utapata majibu yaleyale ya hospitali bila kulipa senti.

Mashine_Kibaigwa
Na mimi naomba nisaidiwe hapohapo. Nina mashine ya kusaga, nikifunga jioni masikio yanalia nziii mpaka nalala. Nimepakua aplikesheni ikaniambia kelele ni 98. Je, hiyo ndiyo kusema nimeshakuwa kiziwi?

Mpimaji_Makole
Kaka wa Kibaigwa, hiyo uliyopakua imepima kelele ya mashine, haijapima masikio yako. Na 98 kwa kazi ya kutwa ni nyingi, vaa vifunika masikio kuanzia kesho. Ukitaka kupimwa usikivu, usiende ukitoka kazini. Baada ya kelele kama hiyo sikio huchoka kwa muda na majibu yatatoka mabaya kuliko hali halisi. Lala kwanza, nenda asubuhi kabla hujawasha mashine.

Sasa turudi kwa Nkuhungu. Fundi yuko sahihi kuhusu kelele, feni na hedifoni zisizo na waya. Kelele ya chumbani hufunika zaidi milio mizito, ile ya 250 na 500 Hz, kwa hiyo ukiona aplikesheni inasema mtu hasikii milio mizito lakini milio myembamba anaisikia vizuri, shuku kwanza feni au upepo wa dirishani. Lakini hilo silo tatizo la mdogo wako. Kelele ya chumbani ingeharibu masikio yote mawili, na yeye la kulia limetoka zuri.

Tazama tofauti ya namba zake: 10 kulia, 55 kushoto. Hedifoni ya kufunika sikio ikipiga mlio kushoto kwa nguvu ya kutosha, mlio unapita kwenye mifupa ya kichwa na kulifikia sikio la kulia. Unapopita hupungua kama 40 dB, wengine 50 au zaidi kidogo. Piga hesabu: mlio wa 55 upande wa kushoto ukipungua 45, unafika kulia ukiwa 10, na 10 ndipo sikio lake la kulia linapoanza kusikia. Kwa hiyo ile 55 inaweza kuwa ni sikio la kulia lililojibu kwa niaba ya kushoto. Sikio la kushoto linaweza kuwa 55 kweli, linaweza kuwa 80, linaweza kuwa halisikii chochote. Namba hiyo haiwezi kukwambia lipi, hata ukimpima saa saba usiku.

Fundi_Majengo
Nimekuelewa nusu. Mimi ningesema azibe sikio la kulia kwa kidole halafu apimwe la kushoto. Tatizo limekwisha.

Mpimaji_Makole
Kidole hakitoshi, Fundi. Kinapunguza sauti inayopita hewani, pengine 20 hadi 30 dB, lakini mlio uliokwisha kuingia kwenye mfupa hauzuiliki kwa kidole. Tena ukiziba tundu la sikio, milio mizito inayopita mfupani husikika zaidi. Ziba masikio yako useme "mmmm" utaona.

Kwenye kipimo kamili, sikio zuri linapewa kazi nyingine. Unalipigia kelele ya mfululizo, kama redio isiyoshika stesheni, huku ukipima lile baya. Kisha unapandisha hiyo kelele hatua kwa hatua. Kama mgonjwa anaendelea kuitikia mlio uleule hata kelele ikipanda, basi ni sikio baya lenyewe linalosikia. Kama kila ukipandisha kelele na yeye anataka mlio uongezwe, ujue bado sikio zuri ndilo linalosikia, endelea kupandisha. Aplikesheni nyingi za bure hazina kitu hicho.

Binti_Kondoa
Samahani, dada au kaka Mpimaji, na ile ya tarakimu mbona ilimpa alama nzuri? Mimi niliamini ndiyo bora kwa sababu hata Shirika la Afya Duniani lina ya aina hiyo, hearWHO.

Mpimaji_Makole
Ni dada. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake. Kinalinganisha sauti ya mtu na kelele, vyote kutoka simu ileile, kwa hiyo hata hedifoni ikiwa ya bei rahisi hakiyumbi sana. Kinamnasa vizuri mzee ambaye masikio yote mawili yanachoka taratibu. Lakini kwa kawaida tarakimu zinapigwa masikio yote mawili kwa pamoja. Mwenye sikio moja zima atazisikia kwa hilo moja na atapata alama nzuri. Mwenye nta iliyoziba au maji nyuma ya ngoma ya sikio naye anaweza kupita, maana akiongeza sauti ya simu shida yake inapotea.

Nkuhungu, fanya jambo moja leo. Mpigie simu ya kawaida, aiweke sikio la kushoto, sauti isiwe ya juu sana, umsomee majina ya vijiji asiyoyatarajia. Uniambie kama anaelewa maneno au anasikia uvumi tu. Na niambie, ilianza lini? Kama ni ghafla, ndani ya siku chache zilizopita, usisubiri majibu ya humu, mpeleke kwa daktari wa masikio kesho asubuhi. Kuna dawa zinazosaidia zikianza mapema, na zikichelewa wiki kadhaa mara nyingi hazisaidii.

Nkuhungu_Kwetu
Ahsante dada. Si ghafla, anasema tangu akiwa shule ya msingi. Nimempigia, nimemsomea Mvumi, Hombolo, Mtera. Kushoto anasema anasikia kama mtu anaongea mbali ndani ya debe, hakupata hata jina moja. Kulia kapata yote. Nitampeleka.

Baba_Singida
Mimi nina wasiwasi na hizo gharama. Mama yangu alipimwa kwenye banda la maonyesho, kwenye kelele, akauziwa kifaa papo hapo. Wanasema "wataalamu". Tofauti na aplikesheni ni ipi?

Mpimaji_Makole
Kama hakukuwa na chumba, hakuangaliwa ndani ya sikio kwa taa, na hakuwekewa kitetemeshi kwenye mfupa nyuma ya sikio, kile kinachopeleka mlio moja kwa moja sikio la ndani, tofauti ni ndogo mno, baba yangu. Kabla ya kulipa popote, uliza: mnapima kwa mfupa? Mnaweka kelele kwenye sikio la pili? Mashine imerekebishwa lini? Inatakiwa irekebishwe angalau mara moja kwa mwaka. Asiyeweza kujibu hayo, usimlipe.

Nkuhungu_Kwetu
Wakuu, tumerudi na majibu. Alianza kwa kuangaliwa kwa taa, hakuna nta. Wakamwekea kizibo kidogo kinachosukuma hewa, wakasema ngoma ya sikio inacheza sawa pande zote mbili. Ndani ya chumba, kwa hedifoni na bila kelele, kushoto ilitoka 55, sawasawa na ile ya simu! Nikataka kuanza kucheka. Halafu wakamwekea kile kitetemeshi nyuma ya sikio la kushoto, akasikia kwa 10. Nikadhani basi, sikio la ndani ni zima, kumeziba mahali.

Mpimaji akaniambia ningoje. Akamwekea ile kelele ya redio kulia, akarudia vyote viwili. Kitetemeshi hakusikia tena mpaka mwisho wa mashine. Hedifoni kushoto nayo kimya, milio yote mpaka mwisho. Daktari akauliza kama aliwahi kuugua matumbwitumbwi. Mama akasema aliugua akiwa darasa la pili, mashavu yalivimba wiki nzima. Daktari anahisi ndiyo chanzo, ila ameandika apigwe picha ya MRI kwa kuwa ni upande mmoja tu. Kile kifaa cha kushoto amesema hakitafanya kazi hata kikiongezwa sauti kiasi gani.

Mpimaji_Makole
Pole, na umefanya vizuri kumpeleka. Umeona hapo katikati? Wangeishia kwenye 55 kwa hedifoni na 10 kwa mfupa, ndani ya chumba kizuri kabisa, karatasi ingesomeka kwamba ana tatizo la sikio la kati, na mtu angeweza kufikiria upasuaji. Kitetemeshi kinatikisa fuvu zima, sikio la kulia linasikia palepale. Chumba peke yake hakimwokoi mtu.

Fundi_Majengo
Hapo nimekubali. Ila bado nasema kwa baba yangu mzee, masikio yote yanafanana, nampima kwa simu ileile na hedifoni zilezile kila baada ya miezi kadhaa, na naona inavyoshuka.

Mpimaji_Makole
Kwa kufuatilia mabadiliko, sawa. Usibadili simu wala hedifoni, na namba zenyewe usizichukulie kuwa za kumnunulia kifaa.

Binti_Kondoa
Na sasa huyo kijana atasaidiwaje? Nimesikia kuna kifaa cha kuchukua sauti upande uliokufa na kuipeleka upande mzima.

Mpimaji_Makole
Kipo. Kinavaliwa masikio yote mawili, la kushoto linakuwa na maikrofoni tu. Kinamsaidia kumsikia mtu wa kushoto, lakini hakitamrudishia uwezo wa kujua bodaboda inatoka wapi, na ukumbini wenye kelele nyingi upande wa kushoto kinaweza hata kumsumbua. Ajaribu kwanza kabla ya kununua. Kwa sasa akae safu za mbele upande wa kushoto wa ukumbi, ili mhadhiri na wenzake wawe kulia kwake.

Nkuhungu_Kwetu
Hilo la kukaa ameanza jana. Kuna anayejua kama bima inagusa hicho kifaa cha pande mbili, au mahali hapa Dodoma pa kukijaribu bila kulipia kwanza? Nilipouliza, kila dirisha lilinipeleka dirisha jingine.

Baba_Singida
Nami nasubiri jibu la hilo la bima.