Mteja akisema "ngoja nikafikirie", mnamjibuje bila kumbana?

MuuzaMashine_Mwanjelwa: Wakuu, nauza mashine za kupukuchua mahindi hapa Mbeya. Juzi amekuja mzee kutoka Mbozi, kaikagua karibu nusu saa. Kauliza mafuta, kauliza mikanda inapatikana wapi ikikatika, kashika mpaka magurudumu. Nikamtajia laki nane na nusu, akasema, "Sawa kijana, ngoja nikafikirie." Nikamwambia karibu tena, akaondoka. Wa hivi wengi hawarudi. Nisemeje?

Chuma_Tunduma: Mpunguzie elfu hamsini kabla hajafika mlangoni. Halafu mwambie imebaki moja.

Mama_Kilolo: Afadhali wewe, mimi wakifikiria wanarudi kukopa! Nina daftari zima la madeni ya mbolea, msimu wa pili huu.

Mnyalu_Mafinga: Mama, hilo la madeni lifungulie uzi wake 😀

Chuma, punguzo linasaidia kama kikwazo ni bei. Mzee hajalalamikia bei. Ukishusha hajaomba, atajiuliza ulitaka kumpiga shilingi ngapi. Na hiyo ya "imebaki moja", akipita kesho akakuta tatu zimepangwa nje, umekwisha.

Mleta uzi, mtu asiyetaka hakuulizi mikanda. Hofu yake ni mashine kufa katikati ya mavuno. Mkubalie kwanza, kisha uulize: "Sawa mzee, si kitu cha kununua kwa haraka. Kinachokupa mawazo ni mashine yenyewe, ni bei, au kuna mtu wa kushauriana naye nyumbani?" Ukishauliza, nyamaza. Wauzaji wengi hujijibia wenyewe hapo.

Akisema mashine, iwashe, mimina mahindi kadhaa aone punje zinavyotoka, mwoneshe namba ya mkanda na duka unakouzwa. Akisema bei, muulize kama ingekuwa nafuu angechukua hii hii. Akisitasita, bei siyo sababu. Akisema mama watoto au kaka yake, usimbishie. Mwandikie karatasi: bei, vinavyoambatana nayo, dhamana, na bei hiyo inadumu mpaka lini. Halafu mwombe ruhusa: "Nikupigie Jumamosi, au utanipigia wewe?"

MuuzaMashine_Mwanjelwa: Na akisema pesa hana mpaka auze mahindi?

Mnyalu_Mafinga: Hapo ni kweli hana. Ila mashine anaihitaji kabla ya kuuza, ndiyo ugumu wa biashara yetu. Ukiweza, pokea malipo ya awali umtunzie, kwa maandishi. Huwezi, mwache aende kwa amani.

Chuma_Tunduma: Kupiga simu nako ni kumbana tu. Wazee wa huku hawapendi.

Mnyalu_Mafinga: Akiwa amekuruhusu, mara moja siyo kumbana. Mara ya tatu ndiyo usumbufu.

Chuma_Tunduma: Mimi hata hiyo moja sipigi.

MuuzaMashine_Mwanjelwa: Ndaga fijo. Namba yake sikuchukua, lakini bodaboda aliyemleta namfahamu. Nimtume, au ndiyo nitakuwa namsumbua?

Mama_Kilolo: Mtume na ile karatasi ya bei. Asiseme neno lingine.