Chila ya mtumba au nibadili plastiki? Vifuniko vinainuka katikati

Mkunazini72:
Assalamu alaykum wakuu. Natoa vifuniko vya makopo ya viungo kwa mashine ya tani 120, plastiki PP. Vinatoka vimeinuka katikati kama kawa, na kopo halifungi sawasawa. Kuna chila ya mtumba Dar, ya kupoza maji ya kalibu, mwenyewe anataka jibu kabla ya Ijumaa. Au niache PP nihamie HDPE, maana nasikia ni laini na haina makuu. Nifuate ipi?

FundiKalibu:
Waalaykum salaam. Ndugu yangu, hujatupa kitu cha kushika. Unene wa katikati ni ngapi, na wa ukingo? Geti, tundu la kuingizia plastiki, liko wapi? Maji yanaingia na digrii ngapi, yanatoka na ngapi? Sekunde ngapi za presha ya kushikilia, ngapi za kupooza? Na kuinuka huko kunaonekana papo hapo, au kunaongezeka kifuniko kikilala?

Darajani_P:
Mimi ningekwenda HDPE moja kwa moja. Haivunjiki na inavumilia mambo mengi. PP ndiyo inayopinda.

FundiKalibu:
Darajani, HDPE inasinyaa zaidi ya PP, si pungufu. Chukua PP asilimia 1.5 na HDPE asilimia 2.5. Kwa kipenyo cha milimita 110, moja inapungua milimita 1.65 na nyingine 2.75. Kalibu ni ile ile, kwa hiyo kifuniko cha HDPE kitatoka kidogo kwa milimita 1.1 kuliko cha sasa. Hata kikitoka kimenyooka kama kioo, kopo hakitalivaa.

BintiChake:
Hata mimi nina shida hii hii. Natoa visanduku vya mstatili na kuta zake zinaingia ndani. Nimeongeza sekunde za kupooza, zimepungua kidogo tu.

FundiKalibu:
Dada, yako ni nyingine. Kwenye sanduku, dume la kalibu, lile linalounda upande wa ndani, limezungukwa na plastiki pande zote, hasa kwenye pembe, kwa hiyo joto linakosa pa kutokea. Upande wa ndani unabaki na moto, unasinyaa mwishoni, na kuivuta kuta ndani. Plastiki hujikunja kuelekea upande uliochelewa kupoa. Tizama kwanza kama maji ya dume yanapita kwa nguvu, kisha jaribu kulipa dume maji baridi kidogo kuliko jike.

Mkunazini72:
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Katikati milimita 1.6. Ukingo umenenepa, 3.2, na una kimo cha milimita 12. Geti liko katikati. Pipa digrii 235. Maji ni ya tangi, yanaingia 31 na kutoka 34. Kushikilia sekunde 5, kupooza 9. Nimekiweka kifuniko juu ya kioo nikapima. Kikitoka tu kimeinuka milimita 1.4, baada ya siku moja ni 1.9.

FundiKalibu:
Sasa tunazungumza. Muda wa kupoa unafuata mraba wa unene. Ukingo wako ni mara mbili ya katikati, kwa hiyo unahitaji kama mara nne ya muda. Katikati pameshaganda, ukingo bado una moto ndani. Ukija kusinyaa, mzunguko wake unakuwa mfupi kuliko unavyodai uwanja wa katikati, na uwanja hauna pa kwenda ila kuinuka. Na kwa kuwa geti liko kwenye sehemu nyembamba, njia inaziba mapema na presha haifiki ukingoni. Naamini ukitizama ukingo kwa karibu utakuta vibonyeo.

Mkunazini72:
Vibonyeo vipo kweli. Nilidhani ni uchafu wa kalibu.

Darajani_P:
Basi aongeze presha ya kushikilia. Vibonyeo tiba yake ni presha, hilo halina mjadala.

FundiKalibu:
Kwa vibonyeo ni kweli, njia ikiwa bado wazi. Kwa kuinuka inaweza kuharibu zaidi. Plastiki inayoshindiliwa ni ile iliyo karibu na geti, na geti ni katikati. Hapo kusinyaa kwa katikati kutapungua, na tofauti yake na ukingo itakuwa kubwa kuliko sasa.
Mkunazini, fanya jaribio la mizani. Weka kushikilia sekunde 1, kisha 2, 3, 4, 5, na kila mara pima vifuniko vitano. Uzito ukiacha kupanda, geti limeziba. Kwa unene huo sitashangaa ikiwa ni sekunde 3, yaani 2 za mwisho hazifanyi kazi. Jumla ya muda iache ile ile, zitie kwenye kupooza. Kisha punguza presha hatua kwa hatua na upime kimo juu ya kioo. Kikishuka, tumeshika njia.

Bububu_Maji:
Nyote mmeisahau chila. Chila isinunuliwe kwa kukisia. Karakana moja ilifunga chila, maji yakawekwa digrii 8, wakafurahi kwa sababu kupooza kulishuka kwa sekunde 3. Wakati wa masika hewa ya Unguja huanza kutoa umande kwenye kitu cha baridi kwenye digrii 24 au 25 hivi. Kalibu ikaanza kutoka jasho. Kwanza vikaonekana vifuniko vyenye michirizi ya fedha kuanzia kwenye geti, wakasema plastiki ina unyevu, wakaikausha siku nzima. PP hainywi maji kama nailoni, kwa hiyo kukausha hakukubadili kitu. Kisha pini za kutolea zikaanza kukwama, na kalibu ilipofunguliwa, uso wa jike una kutu ya madoa. Ilibidi ing'arishwe upya. Dalili ilikuwapo tangu siku ya kwanza: shoti za mwanzo baada ya mapumziko ndizo zilizokuwa na michirizi mingi, maana kalibu ilisimama wazi ikikusanya maji.

Darajani_P:
Hiyo ni kosa la kuweka 8. Weka 25, mambo yatakuwa sawa.

Bububu_Maji:
Ukiweka 25 umepata digrii 6 tu chini ya tangi lake. PP inafanya kazi vizuri hata kalibu ikiwa digrii 40. Kwangu mimi mtiririko una maana zaidi ya baridi. Mkunazini, maji yako ni ya kisima?

Mkunazini72:
Ya kisima, ndiyo.

Bububu_Maji:
Basi njia za kalibu zina chokaa, ardhi yetu ni jiwe la matumbawe. Tega ndoo kwenye kila mpira wa kutokea, hesabu lita kwa dakika. Tundu linalotoa nusu ya mwenzake ndilo lenye ugonjwa.

BintiChake:
Na chokaa hicho kinatolewa na nini? Siki inatosha?

Bububu_Maji:
Kwa utando mwembamba inasaidia ikizungushwa kwa pampu muda mrefu. Kwa ugumu ule wa kisima, asidi ya limau iliyotiwa kwenye maji ya vuguvugu, kisha suuza sana.

FundiKalibu:
Chokaa kitolewe, lakini hakitabadili 3.2 kwa 1.6. Dawa ya kudumu imo kwenye chuma. Kupunguza ukingo maana yake ni kuongeza chuma ndani ya kalibu, kazi ghali. Kunenepesha katikati hadi milimita 2 ni kukwangua tu. Muda hautaongezeka, kwa sababu anayesubiriwa ni ukingo.

Darajani_P:
Na plastiki ya ziada itanunuliwa na nani?

FundiKalibu:
Ni gramu 3.4 hivi kwa kifuniko, kilo 34 kwa vifuniko elfu kumi. Alinganishe na anavyotupa sasa.

Mkunazini72:
Natupa vingi, ila sijawahi kuvihesabu. Kesho naanza na mizani na ndoo. Mwenye chila nimemwomba hadi Jumatatu, hajajibu.

BintiChake:
Usipoichukua wewe, niulizie bei. Kuta zangu bado zinaingia ndani.