Wasifu wa babu: kila raundi toa theluthi

[Kikundi cha familia, Ujiji. Matayarisho ya arobaini ya babu.]

Saidi: Shikamooni wote. Nimeandika wasifu wa babu utakaosomwa baada ya hitma. Umetoka maneno 1,800. Jana nimeusoma kwa sauti, ukanichukua dakika 17.

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba. Sheikh ametupa dakika tano tu, baada ya hapo ni chakula. Fupisha.

Saidi: Nimeshafupisha baba. Ulikuwa 1,890.

Shangazi Mwajuma: Mwanangu mimi nimeusoma wote nikalia. Lakini watu watakuwa wamekaa juani pale uani. Ufupishe kidogo tena.

Zuhura: Shikamoo shangazi, shikamoo baba mdogo. Naomba tusimwambie Saidi "fupisha" kwa mara ya tatu. Ataondoa maneno mengine 50 na sote tutachoka. Saidi, fanya hivi: raundi ya kwanza toa theluthi ya maneno yote. Usitoe pungufu wala zaidi. Ukimaliza tuma hapa, tuusome, halafu utatoa theluthi ya kilichobaki, na raundi ya tatu vivyo hivyo.

Baba Mkubwa Rajabu: Theluthi tena? Wasia wa mzee si tulishaumaliza mbele ya sheikh? Nani amefungua upya hayo mambo?

Zuhura: Hapana baba mkubwa, si mirathi. Ni maneno ya wasifu tunayapunguza.

Baba Mkubwa Rajabu: Haya. Andikeni vizuri basi, mtu akisoma theluthi na mzee amefariki moyo unashtuka.

Baba Mdogo Hamisi: Zuhura, hesabu yako inanitatiza. Theluthi mara tatu si ni kitu kizima? Raundi ya tatu mtoto atabaki na karatasi nyeupe.

Zuhura: Ingekuwa hivyo kama kila mara angetoa theluthi ya ule 1,800 wa mwanzo. Anatoa theluthi ya kilichobaki. 1,800 unakuwa 1,200. Kutoka 1,200 unakuwa 800. Kutoka 800 unakuwa 530 na kitu. Msomaji wetu wa taarifa redioni akisoma kwa utulivu, dakika moja inakula maneno mia na kidogo. Kwa hiyo raundi tatu zinatufikisha kwenye dakika tano za sheikh.

Baba Mdogo Hamisi: Hapo nimekupata. Lakini kwa nini usimwambie moja kwa moja, lete maneno 530?

Saidi: Na mimi nilitaka kuuliza hilo dada.

Zuhura: Kwa sababu nimewaona wengi redioni wakiambiwa hivyo. Mtu akiambiwa atoe zaidi ya nusu kwa mkupuo mmoja, anaweka andiko lake pembeni na kuandika jingine kutoka kichwani. Na kinachokaa kichwani ni yale ya jumla tu: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, alipendwa na watu. Unapata muhtasari ambao ungemfaa marehemu yeyote wa hapa Ujiji. Theluthi haimruhusu kuanza upya, anabaki ndani ya sentensi zake mwenyewe akichagua.

Zuhura: Na "fupisha" ina ubaya wake wa upande wa pili. Haina kiasi, kwa hiyo mtu anaacha pale anapoanza kuumia, na mwandishi anaumia mapema. Ataondoa "sana", "mpendwa", "kwa kweli", aone amefanya kazi. Maneno ya kupamba hata ukiyafuta yote, mara nyingi hayafiki theluthi. Ukishayamaliza bado unadaiwa, na hapo ndipo unalazimika kuamua kisa kipi kinabaki na kipi kinaondoka. Uamuzi huo ndio tunaoutafuta.

Saidi: Nionyeshe kwa aya moja basi.

Zuhura: Chukua ile ya Liemba. Uliandika hivi, maneno 45:

"Mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru wake, ndipo marehemu babu yetu mpendwa alipobahatika kupata ajira katika meli ya Liemba, meli ya kihistoria iliyojengwa na Wajerumani, akafanya kazi ya upishi kwa bidii na uadilifu mkubwa, na kila aliyesafiri naye hadi Mpulungu alimpenda kwa ucheshi wake."

Ukiambiwa "fupisha" utatoa "wake" ya kwanza, "mpendwa" na "mkubwa". Unabaki na 42 na msikilizaji hasikii tofauti yoyote. Ukiambiwa theluthi, lazima ufike 30:

"Mwaka 1961 babu alipata ajira katika meli ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani, akafanya kazi ya upishi kwa bidii na uadilifu, na kila aliyesafiri naye hadi Mpulungu alimpenda kwa ucheshi wake."

Uhuru umeondoka, maana waliokaa pale uani wanajua 1961 ni mwaka gani. Sasa raundi ya pili inakudai maneno kumi mengine. Wajerumani wataondoka, hakuna mtu wa Kigoma asiyejua Liemba ilitoka wapi. Lakini hawatoshi. Itabidi uguse "bidii na uadilifu".

Shangazi Mwajuma: Hiyo usiguse. Baba alikuwa mwadilifu kweli, na mimi nitasema mbele ya watu.

Zuhura: Shangazi, sibishi. Nauliza tu, ni jambo gani alilifanya likakuonyesha uadilifu wake kule melini?

Shangazi Mwajuma: Alikuwa akimaliza kuwapakulia wakubwa, mchuzi wa migebuka ukibaki hauchukui kuja kuuza bandarini kama wenzake. Anateremka nao usiku kwa abiria wa daraja la tatu, wale wanaolala na mizigo yao, anawapa bure. Kila safari. Mama alikuwa akigomba, anasema na sisi tuna njaa.

Saidi: Hili sikulijua kabisa.

Zuhura: Saidi, andika sasa:

"Mwaka 1961 babu aliajiriwa Liemba kama mpishi, na kila safari aliwabakizia abiria wa daraja la tatu mchuzi wa migebuka bure."

Ni maneno 20. Neno uadilifu halimo na kila mtu ameusikia. Kama tungesema "fupisha" tu, "bidii na uadilifu" ingepita mpaka mwisho kwa sababu ni fupi na haimsumbui mtu.

Baba Mdogo Hamisi: Nimekubali. Basi nitaifanya hii kwa muhtasari wa kikao chetu cha wavuvi wa Kibirizi. Ofisi moja ilinirudishia mara mbili, wanasema ni mrefu, fupisha. Nikafupisha, wakanirudishia tena kwamba majina ya mialo hayapo. Sasa nitatoa theluthi ya ukurasa wote.

Zuhura: Huko uwe mwangalifu baba mdogo. Muhtasari una maazimio, nani atafanya nini na lini. Hayo yatoe kwenye hesabu kabla hujaanza kukata. Yaweke pembeni kamili, pamoja na majina ya mialo, kisha theluthi ikatwe kwenye maelezo ya nani alisema nini. Ukikata juu ya kila kitu, maazimio nayo yataliwa, halafu mwezi ujao mtabishana.

Baba Mdogo Hamisi: Maelezo yenyewe ndiyo wenye kikao wanayapenda, kila mtu anataka jina lake lionekane. Nitaona.

---

Saidi: Raundi ya kwanza tayari. 1,204. Nimeutuma hapo juu.

Zuhura: Nimeusoma. Hesabu iko sawa ila umekata kama mtu anayepunguza nywele, kidogo kidogo kila mahali. Kila aya imepungua theluthi yake, na hakuna kisa hata kimoja kilichoondoka. Matokeo yake visa vyote vimekonda. Tazama ile ya reli. Mwanzo ulisema alihamishwa kutoka melini akafanya kazi Uvinza, Kazuramimba na Kaliua. Sasa imekuwa "alifanya kazi katika vituo mbalimbali".

Saidi: Ilipunguza maneno dada.

Zuhura: Manne tu. Hesabu mwenyewe. Na umepoteza Kazuramimba, ambako nusu ya watakaokuja arobaini wametoka. Ukimaliza kila raundi, weka andiko la zamani na jipya sambamba, uhesabu majina ya watu, majina ya mahali na miaka. Maneno yakipungua theluthi na majina yakabaki karibu yote, umekata vizuri. Majina yakipungua kuliko maneno, na "mbalimbali", "mengi" na "kwa ujumla" zikaongezeka, rudi nyuma.

Saidi: Kwa hiyo nitoe nini badala yake?

Zuhura: Kisa kizima. Una aya mbili za kuugua kwake mwaka jana, na sisi sote tulikuwepo. Una salamu za ufunguzi karibu maneno 90, na mshereheshaji atakuwa ameshasalimia.

Baba Mkubwa Rajabu: Kuugua kusiondoke kote. Kuna watu wa Tabora hawakupata habari, watauliza aliugua nini.

Zuhura: Sawa baba mkubwa. Sentensi moja ibaki.

Shangazi Mwajuma: Na majina ya wajukuu je? Mimi nataka wote wasomwe. Asiyesikia jina la mwanawe atanishika mimi.

Zuhura: Majina tuyatoe kwenye hesabu kama maazimio ya baba mdogo. Yasomwe peke yake mwishoni.

Baba Mdogo Hamisi: Yasomwe lini? Wajukuu na vitukuu ni dakika mbili nyingine, na sheikh ametupa tano. Ama yamo ndani ya tano ama hayamo.

Shangazi Mwajuma: Nitaongea na sheikh mwenyewe.

Baba Mdogo Hamisi: Dada, sheikh ana hitma nyingine Gungu siku hiyohiyo.

Zuhura: Tukipewa dakika mbili, raundi tatu zinatosha. Tusipopewa, majina yanakula maneno kama 200, basi itabidi raundi ya nne, na sidhani kama theluthi itafaa hapo. Ukishafika 530 kila sentensi imebeba kitu. Mimi ningetoa robo, au ningeondoa kisa kimoja kizima nikasimama hapo, hata kama tutazidi tano kidogo. Mhariri wangu wa zamani yeye angeendelea na theluthi mpaka mwisho. Hatukuwahi kukubaliana.

Saidi: Nimerudisha Uvinza, Kazuramimba na Kaliua, na visa vingine vilivyokonda. Nimetoa salamu, nimetoa kisa cha baiskeli, kuugua imebaki sentensi moja. Sasa 1,190. Naanza raundi ya pili.

Shangazi Mwajuma: Cha baiskeli umetoa? Kile cha kuvunjika mlimani Mwanga?

Saidi: Nimekihifadhi shangazi, sijakifuta. Kila raundi naiweka faili lake.

Shangazi Mwajuma: Basi nitakisimulia mimi wakati wa kula.

Saidi: Swali moja kabla sijaendelea. Alihamishiwa Mpanda 1974 au 1976? Nimeandika yote mawili sehemu mbili tofauti, nimeona leo baada ya zile aya za katikati kuondoka.

Baba Mkubwa Rajabu: 1974.

Shangazi Mwajuma: 1976. Hamisi alikuwa ameshazaliwa, alibebwa mgongoni kwenye behewa.

Baba Mdogo Hamisi: Mimi nimezaliwa 1975, lakini waliniambia nilizaliwa kulekule Mpanda.

Shangazi Mwajuma: Nani alikwambia?