Homa nikiwa peke yangu Ankara: naombeni ushauri kuhusu dawa

Habari zenu wakubwa. Niko Ankara kimasomo, na wenzangu wote wa chumba wamekwenda makwao likizo. Tangu jana nina homa kali. Famasi wamenipa dawa ya mafua, lakini maandishi ya boksi ni madogo mno na macho yananiuma, nikalipiga picha ili niikuze kwenye simu, mstari mmoja mmoja. Kituruki changu bado kichanga, ila pembeni nimeona "parasetamol 500 mg". Na vidonge nilivyokuja navyo kutoka Kigoma ni parasetamoli hiyohiyo. Nimemeza viwili saa mbili usiku. Najua mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya aina zote kwa jumla, maana ini linaharibika. Kwa hiyo la mafua sijaligusa.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba Kigoma nimetoka mwezi uliopita tu. Kamasi hata sina, ila natetemeka kwa baridi, kisha jasho linanimwagika. Mliowahi kuugua malaria huku, mliwaelezaje madaktari mpaka wakawapima? Nisubiri kukuche, au nipige 112 sasa hivi?