-58 kwenye 2.4 GHz au -73 kwenye 5 GHz: ipi niitumie chumbani?

Mpangaji wa Nyuma
Wakuu habari za jioni. Rauta yangu iko sebuleni, mimi nafanyia kazi chumba cha nyuma, katikati kuna kuta mbili za bloku. Kifurushi ni cha 50 Mbps. Nimepakua WiFiAnalyzer, nikaweka simu mezani ninapokaa: mtandao wa 2.4 GHz unasoma -58 dBm, wa 5 GHz -73. Ila nikipima spidi saa mbili usiku, ule wa -58 unanipa 9 Mbps na ule wa -73 unanipa 38. Nimerudia siku tatu, ni vilevile. Nishike upi?

Jirani Mpole
Mkuu, inayokuchanganya ni hiyo alama ya kutoa. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo -58 ni bora. Tofauti yenyewe ni 15 tu, si kubwa. Chini ya -70 usitumie kabisa. Nadhani programu ya kupima spidi inakudanganya.

Fundi Nyaya
Jirani yuko sahihi kwenye sifuri, ila kwenye hiyo 15 kateleza. Kila ukishuka 3, nguvu inabaki nusu. Ukishuka 10, inabaki sehemu moja ya kumi. Hiyo "15 tu" ni pungufu ya karibu mara 30.

Hata hivyo 5 GHz inashinda, na kipimo cha spidi hakijadanganya. Ile dBm inakuambia rauta yako inasikika kwa nguvu gani. Haikuambii ni wangapi wengine wanaongea hapo hapo. Mpangaji, fungua ukurasa wa grafu ya chaneli uhesabu waliokaa juu yako.

Mpangaji wa Nyuma
Niko chaneli 6. Juu yangu wako wanane, watatu wanasoma kati ya -62 na -68. Kwenye 5 GHz niko 36, na niko peke yangu.

Fundi Nyaya
Basi ndiyo hivyo. Rauta zilizo chaneli moja husikilizana na kupeana zamu, na saa mbili usiku kila jirani yuko kwenye video. Foleni ndiyo inayokula spidi yako, -58 haikuokoi. Jaribu 1 au 11, usiende 3 wala 4, maana huko utagongana na pande zote mbili.

Kwangu mimi, -50 hadi -60 unapata karibu chote. Hadi -67 simu za video zinatulia. Kati ya -70 na -75 kuvinjari kunakwenda ila spidi inapanda na kushuka. Ukifika -80 unaona mtandao upo lakini kurasa hazifunguki. Wewe na -73 yako uko ukingoni: mtu akifunga mlango utajua.

Bi Kisauni
Mbona yangu inasoma -95 na naangalia mpira bila kukwama?

Fundi Nyaya
Dada, umeisoma kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya laini?

Bi Kisauni
Eeh, pale kwenye SIM.

Fundi Nyaya
Hiyo ni ya mnara wa 4G, ina mizani yake, na -95 huko si mbaya. Kwenye waifai -95 ni kelele tupu.

Mpangaji wa Nyuma
Mrejesho. Nimehamishia rauta kwenye korido, sasa kuna ukuta mmoja. 5 GHz mezani ni -65, spidi 47. Mwanzoni nilidhani haijabadilika, namba iliganda kwenye -73 karibu nusu dakika.

Tatizo jipya ni jikoni, -78. Video zinacheza, lakini nikipiga simu ya video mimi nawaona vizuri, wao wananiona vipande vipande.

Fundi Nyaya
Android tangu toleo la 9 inabana idadi ya skani, mara nne kwa dakika mbili, kwa hiyo ukihama subiri kabla hujaandika namba.

Jikoni: hiyo -78 ni sauti ya rauta ikifika kwako. Simu hurusha kwa nguvu ndogo kuliko rauta, kwa hiyo rauta inakusikia wewe vibaya zaidi, na hakuna programu kwenye simu itakayokuonyesha namba hiyo. Punguza upana wa chaneli kutoka 80 MHz kwenda 40, kelele inapungua nusu. Kama bado, jikoni tumia 2.4.

Jirani Mpole
Au anunue ripita aweke jikoni, amalize.

Fundi Nyaya
Akiiweka jikoni nayo itapokea -78 hiyo hiyo, simu itaonyesha -40 na spidi itabaki ya kuchechemea. Iwekwe katikati, inaposoma -65 au karibu zaidi na sifuri.

Jirani Mpole
Yangu iko mwisho wa nyumba na inafanya kazi, labda kuta zetu ni tofauti.

Mpangaji wa Nyuma
Nimeweka 40. Jikoni bado -78, ila simu ya leo haikukatika. Kesho usiku napima tena, majirani wakiwepo wote.