Jibu sahihi ila ushahidi wa kubuni, nimpe maksi ngapi? Naomba ushauri

Wakuu habari, nasahihisha insha za historia fom tri, swali ni kwa nini Majimaji ilishindwa. Kuna dogo kahitimisha vizuri kabisa, kwamba Wajerumani walizidi kwa silaha halafu wakachoma mashamba na maghala mpaka njaa ikawamaliza watu. Hapo sina ubishi.

Shida ni ushahidi wake sasa. Anasema Mkwawa aliwaongoza Wahehe kwenye vita hiyo, wakati Mkwawa alishakufa 1898 na vita imeanza 1905, tena Wahehe wenyewe walikuwa upande wa Mjerumani. Halafu kaweka "Mkataba wa Songea wa 1906" ambao haupo popote, katunga tu, na mwandiko mzuri kabisa.

Mwongozo wangu unatoa maksi 2 kwa kila hoja, moja ya kuitaja, moja ya kuielezea kwa mfano. Nawaza nimpe ile ya kutaja tu. Mwenzangu ofisini anasema nimpe zote maana hoja imesimama hata ukifuta Mkwawa, ila mi naona akikosea mwaka ni kuteleza, kutunga mkataba ni kitu kingine. Nyie mngempaje?